Kabla hujanunua gari, simu au samani: jinsi ya kukokotoa gharama ya fursa

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nimeweka akiba 12,000, ninunue gari au niwekeze?" "Nikilipa taslimu, si nimekwepa gharama zote?" "Hii simu ninayobadilisha kila baada ya miaka miwili inanirudisha nyuma kiasi gani?" Nimeyajibu mara nyingi mmoja mmoja, nikaona afadhali niandike hesabu yote mahali pamoja ili kila mtu aifanye kwa namba zake mwenyewe.

Gharama ya fursa, ambayo wengine huiita gharama mbadala, ni thamani ya jambo bora zaidi ambalo pesa ileile ingelifanya kama usingenunua kitu hicho. Nadharia inaishia hapo. Kazi iliyobaki ni kuigeuza kuwa namba unayoweza kuilinganisha na nyingine.

Nitatumia mfano mmoja wa gari toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu gari ndilo linalochanganya watu zaidi. Simu na samani zitafuata kwa ufupi, maana hesabu ni ileile ila uzito unahamia mahali pengine. Namba zangu hazina jina la sarafu. Ziweke kwenye sarafu unayotumia, ongeza sifuri ukihitaji.

Andaa kwanza

Chukua karatasi, au fungua lahajedwali kwenye simu au kompyuta. Andika madeni yako yote na riba ya kila moja kwa mwaka. Andika faida ambayo akiba au uwekezaji wako umekuletea kweli mwaka uliopita, siyo ile iliyotangazwa kwenye bango. Tafuta mfumuko wa bei wa nchi yako kwa mwaka. Mwisho, tafuta bei ambayo kitu kama hicho, kilichotumika miaka mitano, kinauzwa leo. Hii ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayobeba hesabu nzima. Inapatikana kwa kuangalia matangazo ya vitu vilivyotumika kwa nusu saa, ukikumbuka kwamba bei inayotangazwa huwa juu kidogo ya bei ya kuuziana.

Hatua ya 1: Ipe jina fursa unayoiacha

Usiandike "ningewekeza". Andika kitu chenyewe: "ningelipa deni la 3,000", "ningeongeza mtaji wa duka", "ningeweka kwenye hatifungani". Gharama ya fursa huhesabiwa kwa kitu ambacho ungekifanya kweli, tena kile kilicho bora kuliko vingine vilivyo ndani ya uwezo wako.

Kuandika jina kunabadilisha uamuzi wenyewe. Mtafiti Shane Frederick na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2009. Waliwaomba watu wafikirie kwamba wana nafasi ya kununua video ya dola 14.99. Kundi moja liliwekewa chaguo la kununua au kutonunua, na asilimia 75 walichagua kununua. Kundi la pili lilipewa chaguo lilelile, ila "kutonunua" kuliandikwa "kubaki na dola 14.99 kwa ajili ya manunuzi mengine". Waliochagua kununua wakashuka hadi asilimia 55. Hakuna aliyepewa habari mpya. Kila mtu anajua kwamba asiponunua atabaki na pesa yake. Ila kuliona jambo hilo limeandikwa kulitosha kuwafanya wengine wasite.

Nimeshuhudia kitu kama hicho mezani. Rafiki yangu alikaa na daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto ukajaa upesi: rangi ya gari, mwaka, ukubwa wa injini, hata aina ya redio. Upande wa kulia, uliokuwa wa "pesa hii ingefanya nini", ulikaa mweupe karibu robo saa. Kisha akaandika neno moja, "deni", akaweka kalamu chini.

Hatua ya 2: Chagua kiwango cha faida, ukiondoa mfumuko wa bei

Chukua faida ya fursa uliyoitaja, toa mfumuko wa bei. Ikiwa uwekezaji wako unaleta asilimia 9 kwa mwaka na bei za vitu zinapanda asilimia 5, faida halisi ni kama asilimia 4. Kwa kufanya hivyo, kila namba utakayoipata itakuwa kwenye thamani ya pesa ya leo, na hutadanganywa na matarakimu makubwa ya miaka kumi ijayo ambayo hayatanunua kile unachodhani.

Kama fursa yako ni kulipa deni, kiwango ni riba ya deni hilo ukitoa mfumuko wa bei uleule. Deni la asilimia 18 lina uzito wa takribani asilimia 13 halisi. Kulilipa ni uwekezaji wenye faida ya uhakika, na ni nadra kuona uwekezaji mwingine wa uhakika unaoufikia. Kama hutoi wala hupokei riba, tumia faida ya biashara yako au kodi ya nyumba unayopangisha, kwa hesabu za miaka kadhaa zilizoandikwa.

Onyo: usichague kiwango kwa tamaa. Mtu akiweka asilimia 15 halisi, hata kiti cha plastiki kitaonekana kimemwibia utajiri. Asilimia 3 hadi 5 halisi inatosha kwa asiye na deni ghali wala biashara inayozaa zaidi.

Hatua ya 3: Linganisha na chaguo la pili, siyo na sifuri

Hapa ndipo makala nyingi za kutisha watu zinapopotea. Zinachukua bei yote ya gari, zinaizalisha kwa miaka 30, halafu zinakuambia gari limekugharimu nyumba. Ila bado ungehitaji kufika kazini. Kinachopaswa kuhesabiwa ni tofauti kati ya njia mbili za kutimiza hitaji lilelile.

Kwa hiyo andika angalau njia tatu: ile unayoitamani, ile ya bei nafuu inayofanya kazi, na ile ya kutonunua kabisa. Kwa gari, kutonunua maana yake ni nauli na kukodi pale inapobidi, kwa mwaka mzima. Nayo ni gharama, iandike.

Mfano wetu una magari mawili. Gari A ni 12,000, na baada ya miaka mitano litauzika kwa 6,000. Gari B ni 7,000, na baada ya miaka mitano litauzika kwa 3,500. Matengenezo na bima ya A ni 900 kwa mwaka. Ya B ni 1,200, kwa sababu limezeeka na litakwenda gereji mara nyingi zaidi. Mafuta ni sawa, hivyo tunayaacha nje.

Hatua ya 4: Kokotoa gharama ya mwaka mmoja

Gharama ya kumiliki kitu kikubwa ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kushuka kwa thamani: bei ya kununua, toa bei ya kuuza, gawanya kwa miaka. Ya pili ni faida unayoikosa kwa sababu pesa imefungiwa ndani ya kitu hicho: chukua wastani wa bei ya kununua na ya kuuza, zidisha kwa kiwango cha hatua ya 2. Ya tatu ni gharama za kukiendesha.

Tunatumia wastani kwa sababu pesa iliyofungiwa inapungua kadiri gari linavyoshuka thamani. Mwaka wa kwanza umefungia 12,000, wa mwisho umefungia kama 6,000 tu.

Gari A: thamani inashuka 1,200 kwa mwaka. Wastani wa pesa iliyofungiwa ni 9,000, na asilimia 4 yake ni 360. Ongeza 900 za matengenezo na bima. Jumla ni 2,460 kwa mwaka.

Gari B: thamani inashuka 700. Wastani uliofungiwa ni 5,250, na asilimia 4 yake ni 210. Ongeza 1,200. Jumla ni 2,110 kwa mwaka.

Tofauti ni 350 kwa mwaka. Simama hapo uitazame. Bei zimepishana kwa 5,000, lakini gharama halisi ya kuchagua A ni 350 kwa mwaka, kwa sababu sehemu ya ile 5,000 itarudi siku ya kuuza, na sehemu nyingine B ingeila gereji. Wengine wakiiona 350 watasema gari lenye usalama zaidi linastahili. Wengine watasema hapana. Majibu yote mawili ni halali, mradi kila mmoja anajua analipia nini.

Sasa zilinganishe hizi jumla na njia ya tatu. Kama nauli na kukodi kwa mwaka ni 1,500, hata Gari B linakugharimu 610 zaidi, kabla ya mafuta ambayo tuliyaacha nje. Ukifika hapa ongeza mafuta kwenye magari, maana kwenye nauli tayari yamo.

Onyo: usisahau upande wa mapato. Gari linalokuwezesha kupokea kazi ambayo usingeifikia lina faida ya kuingiza kwenye hesabu. Hesabu kazi unayoijua tayari, yenye mteja na malipo, siyo ile unayotumaini gari litaivuta.

Hatua ya 5: Rudia hesabu ukiwa na deni mkononi

Tuseme mwenye 12,000 anadaiwa 3,000 kwa riba ya asilimia 18. Akichukua Gari B atabaki na 5,000, atalimaliza deni na kuwa na 2,000 za ziada. Akichukua Gari A, deni linabaki.

Wastani wa pesa ambayo A inafungia kupita B ni 3,750. Mwanzo tuliihesabu yote kwa asilimia 4, ikawa 150. Sasa 3,000 kati ya hizo zihesabiwe kwa asilimia 13, yaani 390, na 750 zilizobaki kwa asilimia 4, yaani 30. Jumla ni 420. Sehemu hii peke yake imepanda kwa 270, na tofauti ya magari mawili imetoka 350 hadi 620 kwa mwaka. Magari hayajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile pesa ingekifanya kwingine, na ndiyo sababu ushauri wa jirani asiye na deni unaweza kuwa sahihi kwake na mbaya kwako.

Hatua ya 6: Kama unanunua kwa awamu, tafuta riba iliyojificha

Muuzaji atakuambia "hakuna riba". Muulize bei ya taslimu. Tuseme taslimu ni 900, na kwa awamu ni 1,000, ukilipa sawasawa kila mwezi kwa miezi 12. Watu wengi wanasema riba ni 100 juu ya 900, yaani asilimia 11. Siyo. Hukai na ile 900 mwaka mzima, unairudisha kidogo kidogo kuanzia mwezi wa kwanza, hivyo kwa wastani unadaiwa nusu yake tu. Malipo ya kila mwezi ni 1,000 gawanya kwa 12, yaani 83.33. Kwenye lahajedwali andika:

```
=RATE(12,-83.33,900)
```

Utapata karibu asilimia 1.66 kwa mwezi, ambayo ni kama asilimia 20 kwa mwaka. Kama bei ya taslimu na ya awamu ni moja kweli, na hakuna ada ya kuandikisha wala bima ya lazima, basi awamu inakusaidia: chukua, na pesa yako iache ikizaa.

Onyo: pesa ya mkopo usiihesabu mara mbili. Ukikopa 7,000 kununua gari, gharama ya ile 7,000 ni riba unayolipa. Usiongeze juu yake faida unayoikosa kwa pesa hiyohiyo, kwa sababu hukuwa nayo. Faida unayoikosa ihesabu kwenye malipo ya awali tu, yaliyotoka mfukoni mwako.

Hatua ya 7: Hamisha tofauti siku ileile

Hesabu yote hii ina thamani kwa sharti moja, kwamba pesa uliyoiacha kuitumia ifike kwenye kile ulichokiandika hatua ya 1. Ukinunua Gari B, lipa lile deni siku ileile unayosaini karatasi za gari. Nilichelewesha kwa wiki sita niliponunua samani za bei nafuu badala ya seti niliyoitaka. Tofauti ilibaki kwenye akaunti ninayotumia kila siku, na ilipofika wiki ya sita haikuwepo, wala sikuweza kuonyesha kitu kimoja ilichonunua. Nililalia godoro la bei ya chini bila kupata chochote upande wa pili.

Ukitaka kuona tofauti hiyo itakua kiasi gani, kwa mfano 2,000 kwa miaka 10 kwa asilimia 4:

```
=FV(4%,10,0,-2000)
```

Jibu ni kama 2,960, kwa thamani ya leo.

Simu: ukubwa wa kosa uko kwenye muda

Kwa simu, faida unayoikosa ni ndogo. Simu ya 900 inayouzika 300 baada ya miaka miwili imefungia wastani wa 600, na asilimia 4 yake ni 24 tu kwa mwaka. Kinachokula ni kushuka kwa thamani: 300 kila mwaka. Ukikaa nayo miaka minne, ukabadilisha betri kwa 60 na kuiuza 100, gharama inakuwa 860 kwa miaka minne, yaani 215 kwa mwaka. Umeokoa 85 kila mwaka kwa simu ileile. Kabla ya kununua, angalia mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Simu isiyopata masasisho baada ya miaka miwili haiwezi kuhesabiwa kwa minne, hasa kama unafanyia miamala ya benki.

Samani: weka bei ya kuuza karibu na sifuri

Kochi likishatoka dukani, sehemu kubwa ya bei yake imeondoka. Kwa samani mpya mimi huandika bei ya kuuza kuwa sifuri, isipokuwa za mbao ngumu. Faida yake ni kwamba zinadumu, hivyo gawanya kwa miaka mingi: kochi la 1,500 kwa miaka 12 ni 125 kwa mwaka kabla ya faida iliyokoswa. Samani zilizotumika zimeshamaliza kushuka mikononi mwa mwenzako, kwa hiyo mara nyingi unaweza kuziuza karibu na ulichonunulia. Lingine ni kusubiri. Kujaza nyumba yote mwezi mmoja kwa mkopo, badala ya chumba kimoja kimoja kwa taslimu, ndiko kunakogeuza gharama ndogo kuwa riba ya miaka.

Ukikwama

*Hujui kiwango kipi kitumike.* Fanya hesabu mara tatu: kwa asilimia 0, 4 na 8. Gari A na B zinatofautiana 200, 350 na 500 kwa mwaka. Kama uamuzi wako ni uleule katika zote tatu, kiwango hakina haja ya kukusumbua. Kama unabadilika, basi chunguza zaidi fursa yenyewe.

*Gari unalo tayari na hujui uliuze au la.* Bei uliyonunulia isahau, haiwezi kurudi. Weka bei ambayo lingeuzika leo kama ndiyo "bei ya kununua", kisha fanya hatua ya 4 kama kawaida. Njia nyepesi ya kujiuliza: ungekuwa na pesa hiyo mkononi leo, ungelinunua gari hilihili?

*Faida halisi imetoka hasi.* Ina maana akiba yako inazidiwa na mfumuko wa bei. Usikimbilie kununua gari kwa sababu hiyo, gari nalo linashuka na kwa kasi zaidi. Tafuta kwanza fursa nyingine kwenye hatua ya 1.

*Jumla inaonekana ndogo mno kuamini.* Karibu kila mara umeweka bei ya kuuza iliyo juu. Ishushe kwa robo urudie. Ukifanya hivyo kwa Gari A, 6,000 inakuwa 4,500, kushuka kwa thamani kunakuwa 1,500 kwa mwaka, na jumla inapanda hadi 2,730.

*Mwenzako nyumbani hakubaliani na namba.* Mpe karatasi tupu yenye ule mstari katikati ajaze mwenyewe upande wa kulia. Huenda fursa anayoiona yeye, kama ada ya mtoto mwezi ujao, hukuwa umeiandika kabisa.